Integrali inayojigawa vipande ikigoma: isome tofauti `d` kabla ya kugusa chochote

Malalamiko kuhusu njia hii ya kukokotoa integrali kwa kuigawa vipande karibu yote ni ya aina tatu. Jibu limekuja haraka mno na si sahihi. Jibu haliji kabisa, programu inazunguka tu. Au jibu limekuja pamoja na onyo, na hujui uamini onyo au jibu. Watu wengi hukimbilia kupunguza kosa linaloruhusiwa, yaani `tol`, wakitumaini kwamba ukali zaidi utaleta usahihi zaidi. Katika hali mbili kati ya hizo tatu, hatua hiyo inazidisha tatizo.

Nitatumia kanuni ya Simpson, kwa sababu ndiyo wengi huiandika wenyewe na kila kitu ndani yake kinaonekana. Unachukua kipande kutoka `a` hadi `b`, unakokotoa Simpson kwa kipande kizima, kisha kwa nusu zake mbili, halafu unalinganisha. Majibu mawili yakikaribiana, kipande kinapita. Yakitofautiana, kila nusu inarudia kazi ileile kwa upande wake. Hivyo vipande vidogo vinajazana mahali fanksheni inapobadilika kwa kasi, na sehemu tulivu zinabaki na vipande vipana.

```python
def simp(fa, fm, fb, h):
    return h/6 * (fa + 4*fm + fb)

def gawa(f, a, b, fa, fm, fb, S, tol, kina, mabaki):
    m = (a + b)/2
    f1, f3 = f((a + m)/2), f((m + b)/2)
    L = simp(fa, f1, fm, m - a)
    R = simp(fm, f3, fb, b - m)
    d = L + R - S
    if abs(d) <= 15*tol:
        return L + R + d/15
    if kina == 0:
        mabaki.append((a, b, d))
        return L + R
    return (gawa(f, a, m, fa, f1, fm, L, tol/2, kina-1, mabaki) +
            gawa(f, m, b, fm, f3, fb, R, tol/2, kina-1, mabaki))
```

Ile 15 haikutoka hewani. Kosa la Simpson kwenye kipande kimoja hufuata nguvu ya tano ya urefu wake. Ukikata kipande katikati, kila nusu inakuwa na kosa dogo mara 32, na kwa kuwa nusu ni mbili, jumla ya kosa inashuka mara 16. Kwa hiyo tofauti kati ya jibu la kwanza na la pili ni takribani kosa la jibu la pili mara 15. Hesabu hii inashikilia kwa fanksheni laini peke yake, na matatizo mengi huanzia hapohapo.

Ukifungua mabano yote, `d` inageuka kuwa kitu rahisi kuliko inavyoonekana kwenye programu. `h` ni urefu wa kipande, na `f0` hadi `f4` ni thamani za fanksheni kwenye nukta tano zilizoachana sawasawa:

```
d = -(h/12) * (f0 - 4*f1 + 6*f2 - 4*f3 + f4)
```

Hiyo ndiyo habari yote ambayo programu inayo kuhusu kipande: namba tano. Haioni grafu, wala haijui kinachotokea kati ya nukta moja na nyingine. Kwa hiyo kila dalili ninayoieleza hapa chini nitaichunguza kwa swali moja: kipande kikikatwa nusu, `d` inapungua kwa kasi gani ukilinganisha na `tol`, ambayo hupungua mara 2 kila ngazi?

Dalili: jibu limekuja mara moja, na si sahihi

Chukua kilele chembamba, `exp(-10000*(x-0.3)**2)`, kutoka 0 hadi 1. Jibu sahihi ni mzizi wa pai ukigawanywa kwa 100, yaani 0.0177245. Weka `tol` ya 1e-8. Programu inasoma nukta 0, 0.25, 0.5, 0.75 na 1. Iliyo karibu zaidi na kilele ni 0.25, na hapo fanksheni ina thamani ya takribani 1.4e-11. Nyingine zote ni kama sifuri. Basi `d` inatoka takribani 4.6e-12, ndogo sana kuliko 15*tol, na kipande kizima kinapita katika jaribio la kwanza. Unapewa jibu la 5e-12 au hapo karibu, bila onyo lolote.

Kupunguza `tol` hadi 1e-10 hakusaidii hata kidogo. `d` bado iko chini ya 15*tol, kwa sababu kilele hakijaonekana. Ungelazimika kwenda chini ya 3e-13 ndipo ule mkia wa 1.4e-11 uonekane kuwa tatizo, na hiyo ni bahati ya mkia. Kilele kisicho na mkia, mfano fanksheni iliyo 1 kati ya 0.29 na 0.31 na sifuri kamili kwingine kote, hakitaonekana kwa `tol` yoyote ile.

Dalili ya kuthibitisha ni idadi ya nukta zilizosomwa. Weka kihesabio ndani ya `f`. Kikikuonyesha 5, programu haikugawa chochote, na kwa fanksheni ambayo unajua ina mabadiliko makali hilo peke yake linatosha kukataa jibu. Mimi huchapisha namba hiyo pamoja na jibu kila mara.

Tiba ya kwanza ni kuigawa mipaka kabla ya kuanza. Hapa vipande 2 vya mwanzo havitoshi: nukta zinaachana kwa 0.125, na iliyo karibu zaidi bado ni ile 0.25. Vipande 4 vinatosha. Nukta ya 0.3125 inaangukia kwenye bega la kilele, ambapo fanksheni ni takribani 0.21. `d` ya kipande cha 0.25 hadi 0.5 inaruka hadi karibu 0.017, na kuanzia hapo mgawanyo unafanya kazi yake vizuri. Hakikisha nafasi kati ya nukta mbili haizidi sana upana wa kitu chembamba zaidi unachokitarajia. Kama huna matarajio yoyote kuhusu upana huo, hakuna namba ninayoweza kukupa.

Tiba ya pili ni bora pale unapojua kilele kiko wapi: kata hapohapo. Ukikata kwenye 0.3, thamani 1 inakuwa mwisho wa vipande vyote viwili. Kwenye kipande cha 0 hadi 0.3, Simpson ya kwanza inatoa 0.05 na ya pili 0.025. Zote mbili ni mbovu, kwani jibu la upande huo ni 0.00886, lakini zinatofautiana, na hicho ndicho tunachokihitaji ili mgawanyo uanze.

Maktaba kubwa nazo zina ugonjwa huuhuu. `scipy.integrate.quad` hutumia programu za QUADPACK, zilizotolewa mwaka 1983, na husoma nukta 21 kwa kila kipande badala ya 5. Hata hivyo, ipe `exp(-x**2)` kutoka -10000 hadi 10000 na itakurudishia takribani 2e-203, ikidai kosa ni 0.0, wakati jibu ni 1.7724539. Jambo la kuchekesha ni kwamba mwanzoni nukta yake ya katikati huangukia 0 kabisa, kwenye kilele chenyewe. Inaona tatizo, inakata katikati, na baada ya kukata nukta za kila nusu ziko mbali na mwisho wake. Ya karibu zaidi iko takribani 21.7 kutoka 0. Kilele kinapotea kwa sababu ya mkato uleule uliokusudiwa kukifuatilia. Punguza mipaka iwe -10 hadi 10 na tatizo linaisha.

Kuna ndugu wa ugonjwa huu: fanksheni za mawimbi. Chukua `sin(4*pi*x)**2` kutoka 0 hadi 1. Kwenye nukta zote tano ni sifuri, kwa hiyo jibu la programu ni 0 huku jibu sahihi likiwa 0.5. Hapa hata kugawa mwanzo mara 2 au 4 si salama kwa jumla, kwa sababu mawimbi na nukta vyote vinakwenda kwa nguvu za 2 na vinaweza kupishana daima. Anza na vipande 3. Kipande cha kwanza peke yake kinatoa `d` ya -0.0625, na mgawanyo unaendelea kama kawaida.

Dalili: sahihi kwa `f`, si sahihi kwa `-f`

Hili ni kosa la kuandika. Umesahau `abs` na kuandika `if d <= 15*tol`. Kila `d` iliyo hasi inapita papo hapo. Kipimo chake ni cha dakika moja: kokotoa integrali ya `f` na ya `-f`. Majibu yapingane kwa ishara tu, na kihesabio kionyeshe namba ileile pande zote mbili. Hata programu ninayoiamini huipitisha hapo kwanza.

Dalili: programu inashuka hadi mwisho wa kina, na `mabaki` ina vipande vichache vilivyobanana

Hapa ndipo inapolipa orodha ya `mabaki`, yaani vipande vilivyoishiwa kina kabla ya kupita, ambayo ndiyo onyo la programu hii. Vipande vikikusanyika mahali pamoja, fanksheni ina kasoro kwenye nukta hiyo. Aina ya kasoro utaijua kwa kuchapisha `d` ya kipande chenye nukta hiyo ngazi baada ya ngazi, kisha kugawa kila moja kwa inayofuata. Kwa fanksheni laini uwiano huo unakaribia 32.

Ukiona takribani 2.83, una mzizi wa pili unaoishia hapo. Jaribu `sqrt(x)` kutoka 0 hadi 1 kwa `tol` ya 1e-10. Kwenye kipande cha 0 hadi `h`, `d` ni 0.01846 mara `h` kwa nguvu ya 1.5. `tol` inashuka mara 2 na `d` mara 2.83, kwa hiyo `d` itaishinda, ila polepole mno. Nikipiga hesabu napata kwamba kipande kinachogusa 0 kitapita kikiwa kifupi kuliko 6.6e-15, yaani ngazi ya 48. Ukiwa umeweka kina cha 20, utapata onyo.

Onyo hilo ni la uongo. Kwenye ngazi ya 20 kipande hicho kina urefu wa karibu 9.5e-7, na kosa halisi lililobaki ndani yake ni takribani 9.4e-12. Hiyo tayari ni chini ya 1e-10 uliyoiomba kwa integrali nzima. Kanuni ya kugawa `tol` kwa 2 kila ngazi humpa kila kipande mgao unaolingana na urefu wake, na kipande kidogo chenye kasoro hupewa mgao mdogo kuliko kinavyostahili. QUADPACK haifanyi hivyo. Inaweka vipande vyote pamoja, kila mara inakata kile chenye kosa kubwa zaidi, na inasimama jumla ya makosa ikitosha. Kwa fanksheni za aina hii naona huo ndio utaratibu wenye haki.

Wengine hutatua kwa kuacha kugawa `tol` kabisa. Kwa `sqrt(x)` ngazi zinashuka kutoka 48 hadi 16. Lakini sasa kila kipande kinaruhusiwa kosa la `tol` nzima, na ukiwa na vipande 500 hakuna tena anayekuhakikishia kwamba jumla haitafika 500*tol. Ukiamua hivyo, fahamu pia kwamba hapa makadirio yenyewe yanadanganya. `d/15` kwenye kipande kinachogusa 0 inatoa kosa la 0.00123, katika kipimo cha `h` kwa nguvu ya 1.5, wakati kosa halisi ni 0.01014. Ni zaidi ya mara 8. Ile 15 ilidhani kosa linashuka mara 16 kwa kila mkato, na hapa linashuka mara 2.83.

Tiba safi ni kubadilisha kigezo. Weka `x = t**2`, na `sqrt(x) dx` inakuwa `2*t**2 dt`. Simpson haikosei kwa polinomia ya nguvu ya tatu au chini yake, hivyo nukta 5 zinakupa 2/3 kamili. Mbinu hiyohiyo inaiponya `1/sqrt(x)`, ambayo bila tiba ni mbaya zaidi: thamani yake kwenye 0 haipo kabisa, na karibu na hapo `d` inashuka polepole kuliko `tol`.

Uwiano ukiwa 2 kamili, fanksheni inaruka. Tuseme ni 0 kabla ya 1/3 na 1 baada yake. Nilipiga hesabu ya `d` kwa kila mahali mruko unapoweza kuangukia ndani ya kipande: ukiwa kwenye robo ya kwanza au ya mwisho, `d` ni `h/12` bila kujali ishara, na ukiwa kwenye robo mbili za kati ni `h/4`. Haiwi sifuri kamwe. Na 1/3 ina tabia yake: kila ukikata, inaangukia robo za kati, kwa hiyo `d` ni robo ya urefu wa kipande milele. `d` inapungua mara 2, `tol` nayo mara 2, na moja haimfikii mwenzake hata siku moja. Ukiruhusu kina kikubwa, programu itashuka ngazi 50 na kitu, mpaka kompyuta ishindwe kupata namba iliyo kati ya `a` na `b`.

Onyo la hapa ni la kweli. Kwa kina cha 20, kosa lililobaki ni `h/12`, takribani 8e-8, mara 800 ya `tol` ya 1e-10. Ndiyo maana kwenye programu ya juu, kina kikiisha ninarudisha `L + R` bila kuongeza `d/15`: kwenye mruko huu wa 1/3, sahihisho hilo linakuza kosa kutoka `h/12` hadi `h/10`. Gharama yenyewe si kubwa, nukta kama 4 kwa kila ngazi, kwa hiyo usitegemee muda ukuonyeshe kwamba kuna mruko. Tegemea uwiano. Ukishajua uko wapi, kata hapo na ukokotoe pande mbili kila moja na mipaka yake, ukihakikisha kila upande unasoma thamani yake kwenye mpaka. Katika `quad`, andika `points=[1/3]`.

Dalili: haimalizi, na `mabaki` imejaa kutoka mwanzo hadi mwisho

Hii ndiyo inayowapotezea watu siku nzima. Fanksheni ni laini, grafu yake haina hata kona, lakini programu inaikata kana kwamba ina miba kila mahali. Sababu ni kelele ndani ya thamani zenyewe. Labda `f` inatoka kwenye hesabu nyingine iliyosimamishwa kwa usahihi wa 1e-6, au kwenye jedwali la vipimo, na wewe umeomba 1e-9.

Rudi kwenye fomula ya `d`. Kama kila thamani inayumba kwa kiasi cha 1e-6 bila mpangilio, mchango wa kuyumba huko ni takribani 0.7e-6 mara `h`. Unapungua kwa urefu wa kipande tu, yaani mara 2 kwa kila mkato, sawa na `tol`. Ni mtego uleule wa mruko, ila mruko uko mahali pamoja na kelele iko kila mahali. Badala ya njia moja inayoshuka, mti mzima unajaa matawi. Kina cha 20 kina nafasi ya vipande 1,048,576, na hapa sehemu kubwa yake itatumika. Kama `f` inachukua millisekunde 1, kila nukta milioni moja ni zaidi ya dakika 16.

Kuthibitisha, chukua kipande kimoja kifupi mahali tulivu na uchapishe `f0` hadi `f4` kwa tarakimu zote. Kwa fanksheni laini kwenye kipande kifupi, `f0 - 4*f1 + 6*f2 - 4*f3 + f4` inapaswa kuwa karibu na sifuri, na kukata kipande kunapaswa kuishusha mara 16. Ikibaki ileile kiasi, ikibadilisha ishara ovyo, hiyo ni kelele. Ukubwa wake ukigawanywa kwa 8 unakupa makadirio mazuri ya kelele katika kila thamani.

Ukishaijua kelele, `tol` inajipanga yenyewe. Kwa mipaka yenye urefu wa 1, `tol` iliyo juu ya moja ya kumi na moja ya kiwango cha juu cha kelele haiwezi kunaswa na kelele peke yake. Ikishuka mbali chini ya hapo, mti unaanza kulipuka. Ukihitaji usahihi zaidi ya hapo, kaza hesabu ya ndani kwanza, iwe bora mara 10 au zaidi kuliko ile ya nje.

Kelele hiyo inaweza pia kuwa ya kompyuta yenyewe. Thamani zenye ukubwa wa milioni hubeba kosa la kufupisha tarakimu la karibu 1e-10 kila moja. Kuiomba programu kosa la 1e-12 hapo ni kuiomba igawe mpaka kina kiishe, hata kama `f` ni `1000000 + cos(x)`. Toa hiyo milioni nje, ikokotoe kwa mkono, na uiachie programu `cos(x)`.